Sodiamu kwenye mwali wa 2500 K

Swali: "Nimetafuta uwiano N₂/N₁ wa atomu zilizo ngazi ya juu, 3p, kwa zile za ngazi ya chini, 3s. Nimepata 5.7 × 10⁻⁵, kitabu kina 1.7 × 10⁻⁴. Nimekosea wapi?"

Sehemu ya kipeo umeipata sawasawa. Mwanga wa njano wa sodiamu, nm 589, ni pengo la eV 2.10, na kT kwenye 2500 K ni eV 0.215, hivyo e^(−9.77) ndiyo hiyo 5.7 × 10⁻⁵ yako. Kilichobaki ni kuhesabu hali zilizomo katika kila ngazi. 3s ina hali 2, 3p ina 6:

N₂/N₁ = (6/2) · e^(−ΔE/kT) = 1.7 × 10⁻⁴

Kuna ndugu amekushauri uongeze 273 kwenye 2500. Ni kweli fomula inataka kelvini, lakini 2500 yako tayari ni kelvini. Ukiongeza kwenye hesabu yako ya kwanza utapata 1.5 × 10⁻⁴, na huo ukaribu na jibu la kitabu ni wa bahati tu, usikuhadae.

Ila angalia kitabu kimeuliza nini. Kikitaka mstari wa nm 589.0 peke yake, ngazi yake ya juu ina hali 4, na jibu linashuka hadi 1.1 × 10⁻⁴.

— Mimi maabara napima mwanga unaotolewa, na usomaji unayumba. Ni joto la mwali?

Huenda. Mwali ukipanda kelvini 10 tu, atomu za juu huongezeka kama asilimia 4. Lakini hata kinyunyizio kikiziba kidogo usomaji huyumba, kwa hiyo kikague kwanza.