Kabla Hujaikata "Never Have I" kwa Wino Mwekundu

Juzi dada mmoja alinitumia barua yake ya kuomba kazi. Alikuwa amempa bosi wake wa zamani aipitie, ikarudi na sentensi moja imekatwa: "Never have I missed a deadline." Pembeni ameandikiwa: hiki si Kiingereza. Akaniuliza kama kweli amekosea.

Hajakosea. Nilimjibu usiku uleule, kwa sababu kidonda hicho ninacho. Nikiwa kidato cha tatu niliandika kwenye insha "Hardly had we sat down when the rain started." Mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya darasa, akaniuliza: unasimulia au unauliza swali? Darasa zima likacheka. Niliikwepa sentensi ya namna ile kwa miaka, mpaka nilipoanza kufundisha nikaikuta kwenye vitabu vya sarufi, vilevile nilivyoiandika.

Mwalimu alikuwa ameugusa ukweli bila kujua. Never, hardly au rarely ikitangulia kutia mkazo, maneno yanayofuata hupangwa kama swali: kitenzi kisaidizi kwanza, mtenda baadaye. Mimi hulifunika neno la kwanza kwa kidole. Kilichobaki, "have I missed a deadline", kinasomeka kama swali? Basi sentensi ni nzima. Lakini "Rarely our office receives complaints" ukiifunika rarely inabaki taarifa tupu. Hiyo ndiyo ya kusahihisha: "Rarely does our office receive complaints." Tazama ile s ya receives ilivyohamia kwenye does. Wanafunzi wangu wengi hupanga vizuri, kisha wanaiacha s palepale.

Sisi hutuponza Kiswahili chetu. "Sijachelewa kamwe", "kamwe sijachelewa": kamwe huhama, kitenzi hakitikisiki.

Mtego mwingine ni "Hardly anyone came." Hapo hardly imeshikamana na anyone, na wote wawili ndio mtenda, kwa hiyo hakuna cha kugeuza.

Sasa nyinyi mnaosahihisha wenzenu, tenganisheni kosa na uzito. Sentensi iliyogeuzwa ni ya hotuba, insha na barua rasmi. Ukimwandikia mfanyakazi mwenzako "Rarely do you reply on time", atasikia analaumiwa, ingawa sarufi haina kasoro. Pembeni andika "nzito kwa hapa", umwachie mwenye barua aamue. Ukiandika "si Kiingereza", atakiogopa kitu alichokwisha kukijua.

Yule dada nilimwambia airudishe sentensi yake kama ilivyokuwa. Aya iliyofuata ilikuwa na "Rarely do I ask for leave", hiyo nikamshauri aitulize: "I rarely ask for leave." Mikazo miwili ikikaribiana hivyo inanyang'anyana nguvu, na ya deadline ndiyo aliyotaka isikike.