Hedhi yenye mabonge makubwa

"Hedhi yangu inatoka na mabonge makubwa, nitajuaje kama imezidi?"

Dada, angalia pedi na saa. Ikiloa chapachapa ndani ya saa moja, ukabadilisha na inayofuata nayo ikaloa hivyo hivyo, nenda hospitali, hata kama ni usiku. Anayekuambia kwamba mabonge ni kawaida amepatia nusu: madogo sawa, ila yakizidi upana wa sentimita 2.5 mara kwa mara, damu inatoka kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuiyeyusha. Ukisimama ukaona kizunguzungu, moyo ukaenda mbio au pumzi ikakata, usihesabu tena pedi, tafuta mtu akupeleke sasa hivi. Na kama kuna uwezekano wa mimba, waambie wapime, maana huenda hiyo si hedhi kabisa.