Bustani inaungua dirishani

“Nikipiga picha sebule, bustani ya nje inatoka nyeupe tupu. Nikipunguza mwanga, chumba kinakuwa giza. Nifanyeje?”

Anza na bustani, chumba kisubiri. Weka kamera kwenye M. Jua likiwa kali, jaribu ISO 100, f/11, 1/100. Majani yatang'aa zaidi kidogo kuliko kawaida, na ndivyo inavyotakiwa. Bustani ikiwa sawa kabisa na chumba, dirisha huonekana kama bango lililobandikwa ukutani. Kisha elekeza flashi kwenye dari jeupe nyuma yako, uongeze nguvu hatua kwa hatua mpaka kochi na pembe za chumba zionekane. Bustani ikizidi, badilisha shata peke yake, bila kupita 1/200: mwanga wa flashi hautaguswa. Ukiona doa jeupe kwenye kioo, hiyo ni flashi inajirudi; sogea pembeni.

— Flashi ya nini? Weka stendi, piga tatu kwa mwanga tofauti, unganisha kwenye kompyuta.

— Inafaa kukiwa hakuna upepo. Majani yakitikisika kati ya picha, kingo zake hutoka na vivuli viwili. Hapo chukua bustani yote kutoka picha moja tu.

— Mimi natumia simu, flashi yake haifiki hata ukutani.

— Basi gusa bustani kwenye skrini, washa taa za ndani, na usubiri jua lishuke. Sebule kubwa itabaki na giza kiasi hata hivyo.

— Taa zenyewe si zitatoa unjano?