Maswali yenu: nodi ya usoni na hatua ya muda

Tunakokotoa joto la ukuta kwa njia wazi: ukuta unagawanywa nodi zenye umbali Δx, na joto jipya la kila nodi linatokana na joto la hatua iliyopita. Fo ni kΔt/(ρcΔx²), Δt ikiwa hatua ya muda, ρ densiti na c joto maalumu.

"Mbona nodi ya ndani ina Fo tupu, ya usoni ina 2Fo?"

Kwa sababu nodi ya usoni inamiliki nusu ya kipande, Δx/2, basi joto lile lile linaipandisha nyuzi mara mbili. Andika urari wa nishati mwenyewe: kinachotoka hewani, h(T∞ − T0), jumlisha kinachotoka nodi jirani, k(T1 − T0)/Δx, ni sawa na kinachohifadhiwa kwenye nusu hiyo. Ukipanga upya, Bi ikiwa hΔx/k, unapata:

```
T0_mpya = 2Fo(T1 + Bi·T∞) + (1 − 2Fo − 2Bi·Fo)T0
```

Anayenakili mstari huu bila kuuandika urari huwa ndiye anayeuliza swali linalofuata.

"Fo yangu ni 0.498, chini ya nusu, lakini joto la usoni linarukaruka. Kompyuta ina tatizo?"

Hili nalijibu kila mwezi. Kompyuta haina kosa. Nusu ni sharti la nodi za ndani tu. Usoni, kizidishi cha T0 nacho kisiwe hasi, yaani Fo(1 + Bi) ≤ 1/2.

Chukua ukuta wa zege: k ni 1.4 W/m·K, densiti 2300 kg/m³, joto maalumu 880 J/kg·K, Δx sentimita 5, na upepo wa h = 25 W/m²·K. Bi ni 0.893. Ndani unaruhusiwa sekunde 1807 kwa hatua, usoni 955 tu. Muulizaji alitumia nusu saa, sekunde 1800, kizidishi kikawa −0.885. Ukuta uanze ukiwa na nyuzi 30 na hewa iwe na 20. Hatua ya kwanza uso unashuka hadi 21.1, ya pili unapanda hadi 29.0, ya tatu unafika 17.6. Uso uwe baridi kuliko hewa inayoupoza? Ukiona hivyo, simama hapo hapo. Kwa sekunde 900 unapata 25.6, 25.3, 24.7, unashuka taratibu.

Ila kizidishi hasi si lazima kilipue hesabu. Kwa ukuta huu mnene, mlipuko wenyewe huanza karibu na sekunde 1540. Kati ya 955 na hapo hesabu inaweza kuyumba kisha ikatulia, na hicho ndicho cha kuogopa zaidi, maana unaweza kuchapisha grafu yenye makosa bila kushtuka.

"Nikipunguza Δx hadi sentimita 2.5, si Bi inashuka na tatizo linaisha?"

Bi inashuka, ndiyo, lakini Fo inapanda mara nne. Kikomo kinakuwa sekunde 312.

"Nitumie njia fiche, inayotatua joto jipya la nodi zote kwa pamoja, niachane na masharti haya?"

Tumia. Haitalipuka, lakini kwa hatua ya saa nzima itakupa jibu laini na baya.

"h nichukue ngapi?"

Kwa kukagua hatua ya muda, chukua kubwa kuliko zote utakazokutana nazo, si wastani: upepo ukiongezeka saa tisa alasiri, kikomo kinashuka saa hiyo hiyo.