Ukomo wa idhini na ununuzi wa dharura: kupanga njia mbili badala ya kuacha mlango wazi

Swali: Maombi yetu ya ununuzi hupita ngazi nne za idhini, kila ngazi na ukomo wake wa fedha. Kitu kikiharibika usiku au mwisho wa wiki tunaweza kusubiri hata siku tatu. Sasa mafundi wananunua kwanza, karatasi zinafuata baadaye, na zaidi ya nusu ya maombi yanaletwa yameandikwa "haraka". Uongozi unataka ukomo ubaki palepale. Tupange vipi?

Jibu: Uongozi uko sahihi kuhusu ukomo, na naamini hauhitaji kupanda hata kidogo. Chukua maombi 50 ya mwisho, uandike kwa kila moja saa lilipomfikia kila mwidhinishaji na saa lilipotoka mikononi mwake. Katika kazi hii nimeona mara nyingi kwamba kusoma ombi na kuamua huchukua dakika chache tu. Siku zinapotea kwingine: mwenye kuidhinisha amesafiri na hakuna anayemkaimu, au ombi limerudishwa kwa sababu halina bei wala kasma, au limelala kwa mtu ambaye saini yake haiongezi uamuzi wowote.

Hilo la mwisho ndilo linaloziba njia ya kila siku, kwa hiyo lianze. Ukomo unapaswa kusema ombi linaishia kwa nani. Mifumo mingi imeugeuza ngazi ya kupanda moja baada ya nyingine, hata pale ambapo mtu wa juu ndiye pekee mwenye mamlaka. Tuseme, kwa sarafu yoyote mnayotumia, msimamizi ana ukomo wa 500, mkuu wa idara 2,000, meneja wa fedha 10,000, na zaidi ya hapo ni mkurugenzi. Ombi la 1,800 liende kwa mkuu wa idara moja kwa moja na liishe hapo. Ombi la 6,000 lithibitishwe na mkuu wa idara kwamba hitaji ni la kweli, kisha liende kwa meneja wa fedha, bila kupitia kwa msimamizi. Salio la bajeti liangaliwe na mfumo wenyewe ombi linapowasilishwa, na kiasi kizuiwe kwenye kasma papo hapo. Hakuna sababu ya kumpa mhasibu foleni ya kusaini tu kwamba fedha zipo. Saini mbili kwa ombi la kawaida zinatosha, mradi anayeomba si yuleyule anayeidhinisha.

Baada ya hapo tenganisheni maneno mawili ambayo kwenu yamechanganyika. Ombi la *haraka* ni lile linalohitajika mapema: linafuata njia ileile, waidhinishaji walewale, ila saa ya kusubiri inafupishwa. *Dharura* ni kitu kingine. Inakuwa dharura pale tu ambapo watu wako hatarini, kazi imesimama, au mali inaharibika, na madhara hayo yatatokea kabla njia ya haraka haijakamilika. Sharti hili la pili ndilo linalochuja. Karatasi za printa zilizokwisha kwa sababu hakuna aliyeagiza si dharura, hata kama mwombaji ana hasira ya haki. Kwa hiyo ondoeni kile kisanduku cha "haraka" ambacho mtu anakitia alama bila gharama yoyote. Mwombaji achague sababu moja kati ya hizo tatu na aandike madhara na saa yatakapotokea: "chumba baridi kitapanda juu ya kiwango ifikapo saa 9 usiku." Asiyeweza kuandika sentensi hiyo, ombi lake linabaki njia ya kawaida.

Njia ya dharura yenyewe iwe na mtu mmoja wa kuamua: mwidhinishaji wa zamu, aliyeandikwa kwenye ratiba ya wiki pamoja na msaidizi wake. Apewe mamlaka kwa barua, yenye ukomo wa aina mbili, mfano 5,000 kwa tukio moja na 8,000 kwa zamu nzima. Ukomo wa zamu unazuia usiku mmoja mbaya usimalize bajeti ya mwezi. Kiasi kinachozidi hapo kinaruka moja kwa moja kwa mkurugenzi, kwa simu. Mwidhinishaji wa zamu akinyamaza dakika 15, ombi linahamia kwa msaidizi, na dakika 15 nyingine zikipita linapanda kwa mwenye mamlaka makubwa zaidi. Ikiwa mwidhinishaji wa zamu ndiye mwombaji, lipande tangu mwanzo.

Hapa nawasihi mkatae jambo moja, hata muuza mfumo akiwaambia ni rahisi: idhini inayojitoa yenyewe muda ukipita. Nimewahi kufanya kazi mahali palipokuwa na utaratibu huo. Baada ya miezi michache wakubwa walijifunza kwamba wakinyamaza kazi inaendelea, na mkaguzi alipouliza nani alikubali, hapakuwa na mtu. Saa ikiisha, ombi lihame kwenda kwa mtu mwingine. Kimya kisihesabiwe kuwa ndiyo.

Tazama inavyokwenda. Saa 3:10 usiku pampu ya kupozea inasimama, na fundi anakuta beringi imekufa na sili ya shafti imepasuka. Saa 3:25 amejaza kwenye simu mambo matano: kifaa gani, sababu ya dharura, madhara na saa yake, muuzaji, na kiasi cha juu kabisa. Kiasi hicho ni cha gharama yote: vipuri 3,100, usafirishaji 250, fundi wa nje wa kulinganisha shafti 450, jumla 3,800. Wengi huandika bei ya kipuri peke yake, kisha ankara inakuja imezidi idhini na malipo yanakwama wiki mbili. Mwidhinishaji wa zamu hajibu, saa 3:40 ombi linahamia kwa msaidizi, na saa 3:46 anaidhinisha. Mfumo unatoa namba ya oda yenye maneno "isiyozidi 3,800", fundi anampa muuzaji namba hiyo. Vipuri vinafika saa 5:30, na anayevipokea na kutia saini ni mwendesha mitambo wa zamu, maana aliyeagiza hapaswi kuwa shahidi wa kwamba mzigo umefika. Saa 7:15 pampu inazunguka.

Idhini ilichukua dakika 21. Kiasi cha 3,800 kilikuwa juu ya ukomo wa mkuu wa idara, na hakuna ukomo uliopandishwa. Kilichobadilika ni kwamba sehemu ya ukaguzi imesogezwa kutoka kabla ya ununuzi hadi baada yake.

Na ukaguzi huo wa baadaye ndio unaoharibiwa mahali pengi. Watu huchukua ununuzi uliokwisha kufanyika, wanauingiza kwenye fomu ileile ya ombi la kawaida, kisha meneja anaulizwa "unakubali au unakataa?" Atakataa nini, na beringi imeshafungwa? Anasaini. Baada ya kusaini mara kumi namna hiyo, saini yake haina maana tena hata kwenye maombi ya kawaida. Hapo ndipo mafundi wenu walipojifunzia kununua kwanza.

Tengenezeni hati tofauti, iitwe uthibitisho wa dharura. Ijifungue yenyewe asubuhi ya siku ya kazi inayofuata, imfikie mwenye kasma na meneja wa fedha, na ifungwe ndani ya siku mbili. Majibu yake yawe matatu: ilikuwa dharura, haikuwa dharura, inahitaji uchunguzi. Jibu lolote litakalotoka, muuzaji aliyepewa namba halali na kuleta mzigo sahihi analipwa. Kampuni imeshajifunga kwake, na kumcheleweshea fedha kwa kosa la ndani kutamfanya asipokee simu usiku mwingine. Jibu la "haikuwa dharura" linamhusu aliyetangaza na aliyeidhinisha. Likijirudia mara mbili katika robo mwaka, mwombaji huyo apoteze kwa muda haki ya kufungua njia hiyo mwenyewe, na msimamizi wake amfungulie. Hati ambayo haijafungwa baada ya siku mbili imzuie mwenye kasma kuidhinisha maombi mapya ya kawaida, ila isizuie dharura nyingine.

Ukomo una udhaifu mmoja ambao njia ya dharura haiutibu: kukata ununuzi vipandevipande. Anayejua msimamizi wake ana 500 ataleta maombi matatu ya 480. Ombi mojamoja halina kasoro, kwa hiyo angalieni jumla. Kama data yenu iko kwenye PostgreSQL, hii inatosha kuanzia:

```sql
SELECT mwombaji, muuzaji, COUNT(*) AS idadi, SUM(kiasi) AS jumla
FROM maombi
WHERE tarehe >= CURRENT_DATE - INTERVAL '14 days'
GROUP BY mwombaji, muuzaji
HAVING MAX(kiasi) <= 500 AND SUM(kiasi) > 500;
```

Majina ya safu badilisheni kufuata mfumo wenu. Kinachotoka hapo ni orodha ya watu wa kuuliza, si ya wahalifu. Mwenye stoo anayenunua misumari kila wiki ataonekana humo pia. Huyo anahitaji mkataba wa mwaka na muuzaji mmoja, wenye bei zilizokubaliwa na jumla iliyoidhinishwa mara moja, ili kila wiki aite mzigo bila ombi jipya.

Mkataba wa namna hiyo ndio pia utakaopunguza ile nusu ya maombi yenu ya "haraka". Chukueni uthibitisho wote wa dharura wa miezi mitatu na muupange kwa kifaa. Kitu kilichotokea mara mbili kitolewe kwenye njia ya dharura: ama kiwekwe stoo na kiwango cha chini, ama kiingie kwenye mkataba. Kwa pampu ile, kikao cha asubuhi kiliamua seti moja ya beringi na sili ikae rafuni daima, na ikitoka tu mfumo utengeneze ombi la kawaida la kuijaza. Ikifa tena usiku, fundi atasaini hati ya kutolea stoo na kurudi kwenye pampu, na simu ya mwidhinishaji wa zamu haitalia.