Bango jekundu kwenye imeili: soma mstari wa pili kabla hujabonyeza chochote

Watu wengi wakiona bango jekundu kwenye Gmail limeandikwa "This message seems dangerous" wanafanya moja kati ya mawili, ama wanafuta haraka haraka bila kusoma, ama wanabonyeza "Looks safe" ili liondoke maana linawaudhi. Mimi nina steshenari, watu wanakuja kuprinti vitu kutoka kwenye imeili zao, kwa hiyo haya mabango nayaona sana, na ninachowaambia wateja siku zote ni kwamba ule mstari mdogo chini ya kichwa ndio wenye maneno.

Juzi kaja mama mmoja anataka nimprintie fomu ya mzigo. Imeili inasema mzigo wake umezuiliwa forodhani, alipie kiasi kidogo kwenye linki, na jina la mtumaji ni la kampuni ya kusafirisha mizigo. Juu bango jekundu, na chini yake: "Similar messages were used to steal people's personal information." Yaani Gmail imeshaona barua za namna hii zikitumika kuwaibia watu taarifa zao. Haijasema mtumaji ni feki, imesema barua yenyewe inafanana na za wizi, na hapo ndipo watu wanachanganya.

Nikamwambia mama subiri kwanza tuangalie. Tukafungua kwenye kompyuta (app ya simu haina hii), nikabonyeza vile vidoti vitatu kulia kwa barua, halafu "Show original". Pale juu kuna vipimo vitatu vya kukagua barua imetoka wapi, SPF, DKIM na DMARC, na vyote vilisema PASS. Mama akafurahi, akasema si unaona mwanangu, ni halali. Hapana mama. PASS inamaanisha tu kwamba barua kweli imetoka kwenye domeni iliyoandikwa baada ya alama ya @. Tukaisoma hiyo domeni sasa, ilikuwa ya duka la viatu la nchi nyingine kabisa! Jina la kampuni ya mizigo lilikuwa limeandikwa tu kwenye sehemu ya jina, na pale mtu yeyote anaandika anachotaka. Kwa hiyo ukaguzi umepita kwa sababu duka la viatu ni duka la viatu kweli, labda imeili yao imeingiliwa na matapeli, ila kampuni ya mizigo haihusiki hapo hata kidogo.

Kuna bango jingine la njano, "Be careful with this message", na mara nyingi mstari wake unasema Gmail imeshindwa kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kule inakodai. Hili ni tatizo la utambulisho. Linaweza kumpata hata mtu mwema, kwa mfano shule inatuma matangazo kupitia huduma ya nje na fundi wao hajaweka rekodi za SPF na DKIM sawasawa. Kwa la njano mpigie mtumaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usitumie iliyoandikwa ndani ya barua.

Sasa picha. Ukiona "Images are not displayed" usidhani picha ina virusi. Picha nyingi za kwenye imeili hazimo ndani ya barua, zinavutwa kutoka kwenye seva ya mtumaji pale unapofungua, na linki ya kila picha inaweza kuwekwa namba ya siri inayokutambulisha wewe tu. Ikivutwa tu, mtumaji anajua anwani hii ina mtu na barua imesomwa, hata kama picha yenyewe ni kidoti cha pikseli 1 ambacho huwezi kukiona. Tangu 2013 Gmail inazipitisha picha kwenye seva zake, kwa hiyo mtumaji haoni IP yako, yaani anwani ya kifaa chako mtandaoni, lakini kwamba umefungua bado anaweza kujua. Halafu matapeli wengine wanaandika barua nzima ndani ya picha ili vichujio visisome maneno, ndiyo maana barua ya yule mama chini ilikuwa maboksi matupu na linki moja tu.

Bango jekundu na onyo la picha yakija pamoja usibonyeze "Display images below" eti uone vizuri ndipo uamue. Ushahidi wote unaouhitaji uko kwenye anwani ya mtumaji na linki (weka mausi juu yake bila kubonyeza, kona ya chini kushoto itaonyesha inakoelekea). Ukishajiridhisha ni utapeli, vidoti vitatu tena, "Report phishing". Na ukitaka picha zisifunguke zenyewe hata kwenye barua za kawaida, ingia Settings, General, sehemu ya Images, chagua "Ask before displaying external images" halafu shuka mpaka chini kabisa ubonyeze "Save Changes", hapo wengi wanasahau na mpangilio unabaki ule ule wa zamani.