Maneno 11, au 13, au 16? Maswali yenu kuhusu kuhesabu maneno na herufi

Makala yangu ina maneno 998 kwenye kompyuta yangu, lakini nikiibandika kwenye tovuti ya kuhesabia inasema 1,061. Nani mkweli?

Wote wawili, kwa sababu kila mmoja ana jibu lake la swali la "neno ni nini". Kompyuta haijui neno. Inachokijua ni alama zinazofuatana, na aliyeandika programu ndiye aliyeamua ikate wapi. Tuchukue sentensi moja ndogo tuihesabu wenyewe kwanza:

```
Timu iling'ang'ania ushindi wa nusu-fainali – ushindi wa 2-1 – mpaka taa zikang'aa.
```

Mimi kwa kidole napata maneno 11: *nusu-fainali* naihesabu moja, *2-1* moja, na vile vistari virefu viwili sivihesabu, maana si maneno.

Sasa ipe programu inayokata penye nafasi tupu tu, kama amri ya `wc -w` ya Linux na Mac. Chochote kilichozungukwa na nafasi ni neno kwake, kwa hiyo kila kistari kirefu kilichosimama peke yake kinapewa hadhi ya neno. Jumla 13.

Ipe programu inayofuata kanuni za mipaka ya maneno za Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi na alama namba yake, zile zilizomo kwenye waraka uitwao UAX #29. Hii haihesabu vistari virefu, na ritifaa iliyo katikati ya herufi inaiacha kama ilivyo. Lakini kistari kifupi inakikata, hivyo *nusu-fainali* inakuwa mawili na *2-1* inakuwa mawili. Jumla ni 13 tena! Hapa ndipo watu wengi hudanganyika: hesabu mbili zinakubaliana wakati hazijahesabu vitu vilevile.

Mwisho ipe programu iliyoandikwa haraka haraka, inayotafuta mfuatano wa herufi na tarakimu kwa `\w+`. Hii inakata penye kistari na penye ritifaa pia. *Iling'ang'ania* inakuwa matatu (*iling*, *ang*, *ania*) na *zikang'aa* inakuwa mawili. Jumla 16.

Ukitaka kujua chombo chako ni cha aina gani, usikiulize kwa makala nzima. Kipe vipande hivi vitatu, kimoja kimoja:

```
ng'ombe
nusu-fainali
moja – mbili
```

Kikijibu 1, 1, 3, kinakata penye nafasi tu. Kikijibu 1, 2, 2, kinafuata Unicode. Kikijibu 2, 2, 2, ni kile cha haraka haraka. LibreOffice Writer isiyoguswa mipangilio yake hutoa 1, 1, 2, kwa sababu imeambiwa tangu mwanzo kwamba vistari virefu ni vitenganishi. Tofauti yako ya maneno 63 inanifanya nishuku tovuti hiyo ni ya 2, 2, 2. Tafuta *ng'* na vistari vifupi ndani ya makala yako uone ni vingapi.

Kwa nini "ng'ombe" ahesabiwe maneno mawili? Hiyo si ni herufi moja tu ya Kiswahili?

Ni sehemu ya tahajia, ndiyo. Ritifaa katika *ng'* haifungi nukuu wala haionyeshi kwamba kitu kimedondoka. Inatofautisha sauti ya *ng'oa* na ile ya *ngoa*, na ukiitoa unabadilisha neno. Programu nyingi za haraka haraka hazikuandikwa na mtu mwenye *ng'* mdomoni, kwa hiyo ritifaa zimeiweka kapu moja na mkato na nukta.

Kuna jambo la pili lililojificha. Alama tunayoiona kama moja ina sura tatu ndani ya kompyuta. Ya kwanza ni ile iliyonyooka ya kwenye kibodi ('), namba yake U+0027. Ya pili ni iliyopinda (’), U+2019, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kukuuliza. Ya tatu (ʼ), U+02BC, haitumiki sana, lakini ndiyo pekee ambayo Unicode inaitambua kama herufi, si alama ya uandishi. Kwa hiyo katika Python, `\w+` itaikata *ng'ombe* ukitumia ile ya kwanza au ya pili, na haitaikata ukitumia ya tatu. Maneno yanaonekana sawasawa kwenye kioo, hesabu haziwi sawa.

Wanaoandika programu wenyewe wanaweza kutumia hii:

```python
import re
matini = "Timu iling'ang'ania ushindi wa nusu-fainali – ushindi wa 2-1 – mpaka taa zikang'aa."
muundo = r"\w+(?:['’ʼ-]\w+)*"
print(len(re.findall(muundo, matini)))
```

Inazikubali ritifaa mbili za kwanza na kistari kifupi pale tu zinapokuwa na herufi au tarakimu pande zote mbili, na ile ya tatu popote kwa kuwa ni herufi, kwa hiyo nukuu zinazozunguka neno hazihesabiwi. Kwa sentensi yetu ya timu inatoa 11. Ukikiondoa kile kistari cha mwisho ndani ya mabano ya mraba inatoa 13, na hapo umechagua mwenyewe.

Kwa hiyo neno lenye kistari ni moja au ni mawili? Nipe jibu moja.

Kwa hesabu ya makala, mimi nasema moja. Msomaji analisoma kama kitu kimoja na mwandishi alilifunga makusudi.

Hata hivyo naelewa kwa nini wenzetu wa Unicode wanakata. Kanuni zao hazikutungwa kwa ajili ya kuhesabu makala peke yake. Zinatumika pia kutafuta, na mtu anayetafuta *fainali* angependa aipate hata kama iko ndani ya *nusu-fainali*. Kinachokuwa chema kwa utafutaji kinatutibulia hesabu.

Angalia pia matini uliyoinakili kutoka PDF. Mara nyingi neno lililokatwa mwisho wa mstari huja na kistari chake, hivyo *wanasayansi* inakuwa *wana-* juu na *sayansi* chini. Anayekata penye nafasi anaona maneno mawili, kwa sababu kuvunjika kwa mstari nako ni nafasi. Kurasa 30 za namna hiyo zinaongeza maneno mengi ambayo hakuna aliyeyaandika. Tafuta vistari vilivyo mwisho wa mistari na uviunganishe kabla ya kuhesabu.

Ujumbe wangu mfupi ulikuwa na herufi 150 na kikomo ni 160. Mbona nimetozwa jumbe tatu?

Nina hakika karibu kabisa kwamba ndani yake mna ritifaa iliyopinda, au kistari kirefu.

Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya baiti 140. Ukitumia herufi za seti ya kawaida ya GSM, ambamo kila moja inachukua biti 7, zinaingia 160. Ritifaa iliyonyooka imo katika seti hiyo, na kistari kifupi kimo. Ritifaa iliyopinda haimo, wala kistari kirefu. Ikiingia alama moja tu isiyomo, ujumbe *mzima* unahamishwa kwenye mfumo ambao kila herufi inachukua baiti 2, na kikomo kinashuka hadi 70.

Halafu ujumbe ukizidi kikomo na kugawanywa, kila kipande kinatoa sehemu ndogo kwa ajili ya taarifa za kuviunganisha, kwa hiyo kinabaki na herufi 67 tu. Mara mbili ya 67 ni 134. Wewe ulikuwa na 150, zile 16 zilizobaki zikahitaji kipande cha tatu. Yote hayo kwa ajili ya *ng’* moja uliyoinakili kutoka kwenye waraka. Ifute, uiandike upya kwa kibodi ya simu, uone kihesabio kinarudi kwenye 160. Kisiporudi, simu yako nayo inapinda ritifaa yenyewe. Zima hiyo nukuu ya kupinda kwenye mipangilio ya kibodi.

Fomu ya mtandaoni inasema "mwisho herufi 500". Nimeandika 500 kamili, inakataa. Nimekosea wapi?

Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa fomu kama hiyo, nikifuta kiunganishi kimoja kimoja, na kila nikifuta inakataa tena. Kumbe fomu ilikuwa inahesabu baiti huku ikiziita herufi. Jionee:

```
printf "ng’ombe" | wc -m
printf "ng’ombe" | wc -c
```

Ya kwanza, inayohesabu herufi, inatoa 7. Ya pili, inayohesabu baiti, inatoa 9, kwa kuwa ritifaa iliyopinda inachukua baiti 3 katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, wakati iliyonyooka inachukua 1. Matini yangu ilikuwa na ritifaa zilizopinda 12, kila moja ikiongeza 2, kwa hiyo 500 zangu zilikuwa 524 kwake. Nilibadilisha zote kuwa zilizonyooka, nikarudisha viunganishi vyangu, ikapita.

Kabla ya kufika huko, hakikisha kwanza umehesabu nafasi. Programu za kuandikia huonyesha hesabu mbili, moja pamoja na nafasi na nyingine bila nafasi, na fomu karibu zote hutumia ile ya pamoja na nafasi. Nafasi ya ziada iliyobaki mwisho wa matini nayo inahesabiwa, ingawa huioni.

Natafsiri kwa malipo ya kila neno. Mteja ana hesabu yake, mimi nina yangu. Tufanyeje?

Andikeni kwenye makubaliano jina la programu itakayohesabu, faili itakayohesabiwa, na kama ni lugha chanzi au lugha lengwa. Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko vistari vyote tulivyovizungumza. Kiswahili hufunga mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, *nitakuandikia* likiwa mfano, na lugha nyingine zingetumia maneno manne au matano hapo. Ukilipwa kwa hesabu ya Kiswahili unachotafsiria, unapunjwa hata kabla ya mabishano ya kistari kuanza.

Ulizia pia tanbihi na maandishi yaliyo kwenye visanduku. Dirisha la kuhesabu la Microsoft Word lina kisanduku cha kuweka tiki kinachoamua kama hivyo vinahesabiwa. Mkiwa na faili moja na programu moja na bado mnatofautiana, angalieni hapo kwanza.